Ndoto ya Usaili Haitabiri Kazi

Mtu asiye na kazi akiota ameitwa kwenye usaili, wanaomzunguka humpa hongera za mapema. Akiota amefukuzwa kazi, ingawa hana kazi ya kufukuzwa, huambiwa kwamba amefungwa, kuna mkono wa mtu, atafute maombi au mtaalamu. Na ndoto ikigoma kutimia, lipo jibu la akiba: ndoto hutafsiriwa kinyume, kwa hiyo kufukuzwa maana yake ni kuajiriwa. Imani hii haichagui elimu. Anayo muuza mitumba, na anayo mwenye shahada mbili.

Makala haya yanaipinga moja kwa moja. Ndoto ya namna hiyo haina habari ya kesho. Ina habari ya jana na ya wiki iliyopita, na anayeikimbiza kwa mtabiri hupoteza vitu viwili kwa mpigo: fedha zake, na ile habari yenyewe iliyokuwamo ndani ya ndoto.

Watetezi wa utabiri huwa na silaha moja kubwa, nayo ni ushuhuda. Fulani aliota amekataliwa, na kweli akakataliwa. Ushuhuda huo unaweza kuwa wa kweli kabisa, ila hauthibitishi lolote, na sababu yake ni hesabu. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ya Tanzania iliwaita vijana kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walifika zaidi ya 10,000, na nafasi zilikuwa 70. Picha za majukwaa yaliyojaa wasailiwa, wakiandika majibu huku karatasi zimelazwa mapajani, zilizunguka nchi nzima.

Sasa tuseme watu 500 kati ya hao 10,000 waliota usiku wa kuamkia siku ile kwamba wamekosa. Tuseme pia ndoto zao hazikuwa na uhusiano wowote na matokeo. Kwa nafasi 70 kwa watu 10,000, katika hao 500 wangepata kazi watatu au wanne, na wengine wote wangekosa. Yaani ndoto isiyojua chochote ingekuwa imetabiri kwa usahihi watu 496 au zaidi. Hata aliyerusha shilingi na kuamua kwamba pande zote mbili maana yake ni kukosa angepata sifa hiyo hiyo ya unabii. Mahali ambapo karibu kila mtu anakosa, kutabiri kukosa si kipaji.

Upande wa pili hesabu ni ile ile. Tuseme wengine 500 waliota wamepata. Kati yao pia wangeajiriwa watatu au wanne kwa bahati tu. Hao ndio watakaosimama mbele ya watu kusimulia jinsi walivyooneshwa. Wale 496 walioota wamepata wakakosa hawasimami popote, kwa sababu hakuna anayeita watu kuwasimulia ndoto iliyomdanganya. Kwa hiyo shuhuda zinazofika masikioni mwetu zimeshachujwa kabla hatujazisikia.

Ama ile kanuni ya kinyume, ndiyo inayoivua nguo imani yenyewe. Kama kuota umefukuzwa kunaweza kumaanisha utafukuzwa, au utaajiriwa, basi hakuna matokeo yatakayoweza kumkosoa mtabiri. Mtabiri wa hali ya hewa angesema kesho mvua itanyesha au haitanyesha, hakuna ambaye angemlipa.

Bahati nzuri, jambo hili limepimwa na si la kubishania tu. Mwaka 2014 watafiti wa usingizi mjini Paris, akiwamo daktari Isabelle Arnulf, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliofanya mtihani mgumu wa mchujo wa kuingia udaktari katika Chuo Kikuu cha Pierre na Marie Curie. Waliojibu dodoso walikuwa 719. Asilimia 60 hivi walisema waliota mtihani huo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na karibu ndoto nane kati ya kila kumi zilikuwa mbaya: mtu amechelewa, amesahau majibu, mambo yamemharibikia.

Kama ndoto mbaya ingekuwa ishara mbaya, waliooteshwa balaa wangefeli kuliko wenzao. Ikawa tofauti. Walioota mtihani, japo wengi waliota wanaharibikiwa, walifanya vizuri kidogo kuliko wasioota. Lakini hapa panahitaji uangalifu, maana mtu anaweza kuchukua matokeo haya na kuanzisha utabiri mpya: ota vibaya, utafaulu. Utafiti hausemi hivyo. Uhusiano uliopatikana ulikuwa mdogo, na waliojibu dodoso hawakuwa hata theluthi ya watahiniwa wote. Tafsiri rahisi zaidi ni kwamba aliyejali mtihani ndiye aliyesoma, ndiye aliyekuwa na wasiwasi, na ndiye aliyeota. Kilichomfaulisha ni kusoma. Ndoto ilikuwa moshi wa moto ule ule.

Sigmund Freud, aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, aligusa jambo hili zaidi ya karne moja iliyopita. Katika kitabu chake cha ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899, alieleza kwamba yeye mwenyewe aliota mara kwa mara akitahiniwa botania, zuolojia au kemia, masomo aliyokwishayafaulu. Somo alilowahi kufeli, la tiba ya kisheria, halikumjia ndotoni hata siku moja. Nadharia nyingi za Freud zimepigwa chini tangu hapo, lakini kisa hicho kinabaki na uzito: ndoto ya kufeli huwatembelea hata waliofaulu.

Wapo watakaouliza: mbona ndoto hizi huja alfajiri, wakati ule ambao wazee walisema ndoto zake ni za kweli? Zinakuja alfajiri kwa sababu ndivyo usingizi ulivyopangwa. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huenda mbio chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto kamili. Kipindi hicho hujirudia kila baada ya dakika 90 hivi. Mwanzoni mwa usiku ni kifupi sana, na kadiri kunavyokaribia kucha huwa kirefu. Saa kumi na saa kumi na moja alfajiri ndipo ndoto ndefu zinapokaa.

Hapo ndipo asiye na kazi anapoingia. Hana saa ya kumwamsha saa kumi na moja ili awahi daladala, kwa hiyo hulala hadi asubuhi, na usingizi wa asubuhi ndio uliojaa ndoto. Papo hapo wasiwasi humfanya ashtuke mara kwa mara, na ndoto hukumbukwa na yule aliyeamka katikati yake. Akijumlisha mawili hayo, ataona ndoto zimemzidi tangu aache kazi, na atadhani anaelezwa jambo. Kilichoongezeka ni muda wa kulala asubuhi na idadi ya kushtuka.

Kuna tabia nyingine ya ndoto inayowasaidia watabiri sana. Tafiti kadhaa, zikiwamo za Tore Nielsen wa Montreal, zimeonesha kwamba tukio la mchana huingia ndotoni kwa mawimbi mawili: siku moja au mbili baadaye, kisha tena siku tano hadi saba baadaye. Wimbi la pili ndilo linalopoteza watu. Mtu amesoma tangazo Jumatatu, likamkaa rohoni, akalisahau. Jumapili linamjia ndotoni. Kwa kuwa haoni tena lilikotoka, huamini limetoka mbele.

Wengi wanaotetea utabiri huegemea dini, na ni haki wajibiwe kwa dini. Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira inazigawa ndoto mafungu matatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huzungumza na nafsi yake. Fungu la tatu limetajwa waziwazi, nalo ndilo linalomhusu mtu aliyeshinda mchana kutwa akiwaza ajira. Tena mafundisho kuhusu ndoto ya kuchukiza ni kujikinga kwa Mola na kutomsimulia mtu. Hayasemi ichukuliwe ipelekwe kwa mtu atozaye ada. Kwa Wakristo, kitabu cha Mhubiri sura ya 5 kinazihusisha ndoto na wingi wa shughuli. Naye Yusufu, anayetajwa kila mjadala huu unapoanza, hakuishia kwenye tafsiri. Alimpa Farao mpango wa kuweka akiba ya nafaka kwa miaka saba ya shibe.

Hata vitabu vya tafsiri vinavyouzwa nje ya misikiti kwa jina la Ibn Sirin vinahitaji kupokelewa kwa tahadhari. Muhammad ibn Sirin wa Basra, mwanachuoni aliyefariki mwaka 729, alisifika kwa kutafsiri ndoto, lakini wataalamu wa maandishi ya Kiarabu wanaeleza kwamba vitabu vinavyobeba jina lake vilikusanywa na watu wengine baada ya zama zake. Na hakuna kati ya hao aliyewahi kuona tangazo la usaili la Tanzania.

Kosa la upande wa pili ni dogo lakini lipo. Wako wanaosema ndoto ni takataka za ubongo, amka, nawa uso, sahau. Hao nao wamekosea. Watafiti tangu Calvin Hall, aliyekusanya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida huko Marekani katikati ya karne iliyopita, wamekuwa wakionesha kwamba ndoto hufuata mambo yanayomshughulisha mtu akiwa macho. Mtu huota watu anaoshughulika nao na hofu anazotembea nazo. Kwa hiyo ndoto ya kufukuzwa kazi ina maana. Tatizo ni kwamba watabiri wanaitafuta maana hiyo katika mwelekeo usio wake.

Basi hofu iliyo chini yake ni ipi? Fedha ni sehemu yake, na si sehemu ndogo pale mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ila fedha peke yake haielezi kwa nini mtu aote amefukuzwa kazi ambayo hana. Jibu zuri zaidi lilitoka Marienthal, kijiji cha karibu na Vienna ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel waliwachunguza wakazi wake, na kitabu chao kikatoka 1933. Mojawapo ya mbinu zao ilikuwa kukaa mahali wasipoonekana na kupima mwendo wa wapita njia kwa saa. Wanaume, ambao hawakuwa na pa kuwahi, walitembea taratibu na kusimama mara nyingi. Wanawake, waliokuwa na nyumba za kuendesha, walitembea haraka.

Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wengine, hadhi, na shughuli ya kila siku. Kazi ikiondoka, vyote vinaondoka pamoja. Kwa mantiki hiyo, asiye na kazi hufukuzwa upya mara nyingi: kila anapoulizwa msibani siku hizi uko wapi, kila anapoona kundi la mtandaoni la wafanyakazi wenzake wa zamani limemwondoa, kila anapoomba nauli kwa mdogo wake. Usiku ubongo hauna picha nyingine ya kuonesha hali hiyo zaidi ya ile iliyo tayari, yaani ofisi ya zamani na bosi wa zamani.

Nchini Tanzania picha hiyo ina rangi yake. Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Tangu siku hizo cheti si karatasi tu katika fikra za watu. Hata mwenye cheti halali hukishika mara mbili kabla ya kukikabidhi.

Tuchukue kisa cha kubuni, kilichoundwa kwa vipande vinavyotokea kila mwezi. Mhasibu kijana, mkataba wake uliisha mwaka jana katika kampuni binafsi, ameitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anaota amesimama mlangoni pa ukumbi. Kila akifungua bahasha, cheti kinachotoka kina jina la mtu mwingine. Katika jopo ameketi bosi wake wa zamani, anayemwambia, “Wewe tulishakuacha.” Mlango unafungwa. Anashtuka saa kumi alfajiri, jasho linamtoka.

Jirani anaifasiri papo hapo: jina la mtu mwingine kwenye cheti maana yake riziki yake amepewa mwingine, na lazima ikombolewe. Ukombozi una bei.

Sasa isomwe ndoto hiyo hiyo pamoja na tangazo la kuitwa kwenye usaili. Matangazo ya Sekretarieti hurudia masharti yale yale. Msailiwa aje na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi vya taaluma. Hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliwi badala ya vyeti. Waliosoma nje ya nchi wawe wamehakikiwa vyeti vyao na TCU, NACTVET au NECTA. Ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka awe na hati ya kisheria ya kubadili jina. Na kila mmoja ajigharamie usafiri, chakula na malazi.

Kijana wetu ana majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na mawili kwenye cha kidato cha nne, tena herufi moja imetofautiana. Alilisoma sharti lile siku sita zilizopita, akasema atalishughulikia, akaendelea na mengine. Ndoto haikusahau. Kuhusu bosi, ni kwamba mkataba ulipoisha aliondoka bila barua wala cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka. Mambo mawili yaliyoachwa njiani, na yote mawili yamo ndotoni. Hati ya jina huandaliwa na wakili na kusajiliwa. Haipatikani asubuhi ya usaili mlangoni pa ukumbi. Cheti cha utumishi kinaombwa kwa barua. Hizo ndizo kazi za wiki hiyo, na zinamaliza sehemu ya hofu ambayo jirani alitaka iende kwa mganga.

Njia ya kuisoma ndoto hivyo haihitaji mtaalamu. Mtu akiamka aandike mistari mitatu kabla hajashika simu: kilichotokea, alichohisi, na kitu cha jana au cha wiki iliyopita kinachofanana nacho. Mstari wa tatu ndio muhimu. Kama upo, kwa kawaida unaelekeza kwenye jambo la kutendwa: karatasi, deni, simu ambayo haijapigwa, swali la usaili ambalo hajui kulijibu. Kama haupo, hakuna cha kufanya, na hiyo ndoto iachwe ipite.

Zipo ndoto ambazo hazipiti. Mtu anafukuzwa usiku baada ya usiku, mpaka anaogopa kulala. Kwa hizo ipo mbinu iliyofanyiwa majaribio ya kitabibu, na Barry Krakow na wenzake walichapisha jaribio kubwa la aina hiyo mwaka 2001. Mchana, mtu akiwa macho, huiandika ndoto yake, huibadilisha apendavyo, kisha huirudia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Mlango haufungwi, bahasha ina vyeti vyake, jopo linamkaribisha. Mbinu hiyo hupunguza jinamizi linalojirudia kwa watu wengi walioijaribu. Haileti ajira, na anayedai inaleta ajira amerudi kwenye biashara ya utabiri kwa mlango wa nyuma. Na mtu aliyekaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni kila siku, asiyefurahia chochote, au anayefikiria kujidhuru, mahali pake ni hospitali, bila kusubiri ndoto ibadilike.

Utabiri ungekuwa mchezo usio na madhara kama usingekuwa na gharama. Aliyeota vibaya huamua kutokwenda kwenye usaili, kwa kuwa ameshaoneshwa. Aliyeota vizuri huacha kujiandaa, kwa kuwa ameshapewa. Gharama kubwa kuliko zote humwangukia aliyeachishwa kazi kweli, akaota amerudishwa, akakaa nyumbani kusubiri. Tanzania Bara, anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1. Zikipita, hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi za kuchelewa. Kusubiri ndoto itimie si mojawapo ya sababu hizo.